Ukurasa Mmoja wa Sabuni

Mwaka 1976 Patron Sikuli, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye maduka mawili na lori moja, alifungua kiwanda cha sabuni hapa Kindu, nyuma ya gare, yaani stesheni ya treni. Kiwanda ni neno kubwa. Kulikuwa na mapipa manne, moto wa kuni, mafuta ya mawese, magunia ya soda, na Kasimu, ambaye peke yake ndiye aliyejua kupika. Biro ilikuwa chumba kimoja chenye masini ya kuandika, masini ya roneo ya kutolea nakala, picha ya Rais, na sekretere mmoja, sitwayeni Onema, maana wakati ule kila mtu aliitwa sitwayeni, raia. Nyumbani kwao aliitwa Jeannette, lakini serikali ilikuwa imeyafuta majina ya kizungu kwa sheria. Njaa haikuwa na jina la kizungu, kwa hiyo iliachwa.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata Kasimu alifaulu kupika sabuni mpya, ngumu, ya rangi ya asali, na Patron akaibatiza Mwangaza. Mwezi uliofuata ikafika barua kutoka Kalima. Kampuni ya migodi ilitafuta sabuni kwa ajili ya mgao wa wafanyakazi wake, na mnunuzi wake, sitwayeni Assani, angepita Kindu siku ya Ijumaa. Kila muuzaji amwachie fishi, karatasi ya maelezo ya bidhaa yake, pale hoteli, ukurasa mmoja. “Ukurasa wa pili sitausoma,” aliandika.

Onema alifurahi, maana kazi hiyo aliijua. Kabla ya kuolewa alifanya miaka minne katika biro ya kampuni moja huko Kisangani, ambako alipanga fishi za mashoka, za baiskeli, na za dawa ya mende. Alichukua karatasi na kalamu ya risasi, akahesabu. Karatasi nzima ni mistari sabini; ukiacha nafasi juu na chini, inabaki hamsini na nane. Juu, jina la bidhaa na sentensi moja ya kusema ni kitu gani na kinamfaa nani. Halafu mambo makuu matano, kila moja kwa mistari miwili, yasizidi. Halafu uzito, vipimo, na idadi ya vipande katika kartoni. Halafu yale maneno ya kudumu kuhusu kampuni, mistari sita, yale yale yanayorudi katika kila fishi hata bidhaa ikibadilika. Chini kabisa, peke yake, sehemu ya kuwasiliana: nani wa kuulizwa, wapi, saa ngapi. Kati ya sehemu na sehemu, nafasi nyeupe, ili jicho lipumue.

Kabatini zilibaki tatu tu za zile stensili, karatasi za nta za kuchapia kwenye roneo. Stensili ukiikosea, unapaka ile rangi nyekundu ya kusahihishia, unapuliza ikauke, unapiga herufi upya. Ukiikosea sana, unaitupa.

Patron Sikuli alisoma rasimu akiwa amesimama.

“Hii ya kampuni ni fupi,” alisema. “Mistari sita. Mimi nilianza na chumvi, mama Onema. Nilibeba chumvi kwa mugongo toka Butembo mupaka Lubutu. Hiyo haiko.”

“Mnunuzi anatafuta sabuni, Patron.”

“Atajua njo sabuni ya muntu wa namna gani.”

Akakaa, akaandika mwenyewe. Akaeleza chumvi, mvua, daraja lililokatika, marehemu baba yake, na lori. Lori lilipata mistari minne na namba yake. Alipomaliza, maneno ya kudumu yalikuwa mistari thelathini na moja. Katika mambo makuu akaongeza la sita: sabuni Mwangaza inaua mikrobi yote.

Onema alimwita Kasimu kutoka kwenye mapipa. Kasimu alikuja akipangusa mikono, akaipokea karatasi kwa mikono miwili akasoma, kwa sababu alikuwa Mwislamu mwenye adabu na Patron ndiye aliyemlipa.

“Inatosha kuandika inasafisha,” alisema mwishowe. “Mikrobi sikuziona, siwezi kuzitolea ushahidi. Na hapa kwenye uzito, gramu mia nne. Hiyo ni siku ya kukata. Sabuni ina maji. Ikikauka wiki tatu, inabaki mia tatu na makumi tano.”

“Wote wanaandika ile ya siku ya kukata,” alisema Patron.

“Ndiyo, Patron. Na wote wanauza ile ya wiki tatu.”

Patron aliwatazama wote wawili kama mtu aliyegundua kwamba amewaajiri maadui. Lakini Onema alimwambia kwamba mnunuzi wa migodi ana mizani, na kwamba kwa watu wa Kalima kupima ndiyo kazi ya kila siku. Hilo lilimfikia. Akakubali uzito uandikwe mara mbili, wa kukata na wa wiki tatu. Mikrobi nazo zikaachiliwa huru. Lori alikataa kuligusa.

Siku ya Jumatano akaingia sitwayeni Lusangi, mjumbe wa Chama wa mtaa, na abakosti yake, lile koti la Chama lisilo na tai, imefungwa vifungo mpaka kooni katika joto lile. Hakuna karatasi iliyotoka kwenye roneo bila muhuri wake. Mama yake alikuwa bado anamwita Zéphirin, kwa sauti kubwa, sokoni, na hilo lilikuwa msalaba wake.

Alisoma rasimu mpaka chini, akairudia.

“Natafuta Chama,” alisema. “Sikioni.”

“Ni fishi ya sabuni, sitwayeni mjumbe.”

“Sabuni inapikwa wapi? Inchini. Na inchi ni ya nani?”

Akatoa kalamu yake. Juu, kabla ya jina la bidhaa, akataka mistari kumi na miwili: salamu kwa Mwongozi wa taifa, shukrani kwa amani, na maelezo ya jinsi usafi wa mwili unavyotokana na mapinduzi. Patron alitikisa kichwa kukubali kila mstari, kwa bidii ya mtu mwenye lori.

Wote wawili walipotoka, Onema alihesabu tena. Mistari kumi na miwili ya Chama, thelathini na moja ya chumvi na lori, nafasi nyeupe, kichwa, uzito. Mambo makuu yalibakiwa na mistari minne. Sehemu ya kuwasiliana haikubakiwa na kitu. Alimfuata Patron uani kumweleza, akajibiwa kwamba Kindu nzima inamjua Sikuli.

“Assani anatoka Kalima,” alisema Onema.

“Basi aulize.”

Jioni ile Onema alirudi kwake na hasira. Alikuwa amewaona wakubwa wengi wakitia maneno yao kwenye karatasi za wengine, na hakuwahi kusema kitu. Lakini safari hii aliwaza Kasimu na vidole vyake vilivyoungua kwa soda, miezi saba, mapishi kumi na tisa yaliyomwagwa. Ukurasa ule ulikuwa wa sabuni ya Kasimu, na sasa kila mtu alikuwa na nafasi humo isipokuwa sabuni.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya Chama na rasimu iliyopigwa safi kwa masini, yenye mistari yote kumi na miwili.

“Nimeleta ya kutia muhuri,” alisema. “Nakala mia mbili. Moja ya mnunuzi, zingine za maduka na soko.”

“Vizuri.”

“Nina swali moja, sitwayeni mjumbe. Soko ya Kindu haitupi karatasi. Wakisha kusoma, watafungia karanga.”

“Na kisha?”

“Kisha karanga zinakwisha.”

Onema alitazama dirishani, kule uani, ambako palikuwa na choo cha ofisi ya Chama, na kwenye msumari wa mlango wake vipande vya karatasi vilivyokatwa vizuri kwa matumizi ya wajumbe.

“Jina la Mwongozi liko hapa juu, mara tatu,” alisema kwa heshima. “Mimi sina neno. Niliwaza tu kuandika chini, kwa herufi ndogo, kwamba haya maneno yaliongezwa na sitwayeni Lusangi. Ili mukiulizwa, musinyimwe sifa yenu.”

Lusangi alifungua kifungo cha kooni. Alichukua kalamu, akafuta mistari yote kumi na miwili, polepole, kwa kutumia rula.

“Chama kiko ndani ya roho,” alisema. “Si lazima kikae juu ya kila karatasi.” Akapiga muhuri.

Kwa Patron haikuwa rahisi hivyo, kwa sababu Patron hakuogopa choo. Onema alimwonyesha saa. Saa tisa mchana, stensili tatu, mnunuzi kesho. Akamwambia kwamba historia ile ni ndefu na nzuri, na kwamba inastahili karatasi yake peke yake, siku nyingine, yenye picha. Neno picha lilimlainisha. Maneno ya kudumu yakarudi kuwa mistari sita: kiwanda kilianzishwa lini, na nani, wapi, kinatengeneza nini, kwa mafuta ya wapi, kwa ajili ya nani. Lori likaingia kwa maneno mawili, usafiri wetu.

Ikabaki sehemu ya kuwasiliana.

“Weka namba ya telefone,” alisema Patron. “Watu watafikiri hatuna telefone.”

“Hatuna, Patron.”

“Tunayo. Haisemi tu.”

Ilikuwa haisemi tangu siku ilipoletwa. Onema aliweka sanduku la posta, kisha akaandika: kiwandani, nyuma ya gare, mlango wa bluu, saa moja mpaka saa tisa mchana, siku zote za kazi, mtu wa kuulizwa, Onema. Patron aliuliza kwa nini si yeye. Onema akamwuliza ni siku gani katika wiki huwa yuko bironi saa moja asubuhi. Stensili ya kwanza ilitoka bila kosa.

Ijumaa jioni fishi ilikuwa hotelini. Jumamosi, saa mbili asubuhi, mtu mfupi mwenye mfuko wa ngozi aligonga mlango wa bluu akamwuliza Onema kama ndiye Onema.

“Nilipokea fishi tano,” alisema Assani. “Nne zina namba za telefone. Hoteli wamezipiga zote. Labda zinalala.” Akatoa mizani ya mkononi. “Hii moja ina anwani. Na ina uzito mara mbili, kitu sijaona tangu nianze kazi. Nataka kuona kipande cha wiki tatu.”

Kasimu alileta kipande kutoka kwenye chanja cha kukaushia. Kilikuwa gramu mia tatu arobaini na nane. Assani alipima cha pili na cha tatu, akakwangua kimoja kwa ukucha, akakitia kwenye ndoo ya maji, akakitoa, akakitazama. Kisha alikaa mezani pa Onema akaagiza kartoni mia mbili kila mwezi. Alipoondoka, Kasimu alibaki amesimama mlangoni na mikono yake nyuma, na Onema aliona kwamba anacheka bila sauti.

Patron alipofika saa tano alieleza kila mtu kwamba ilikuwa sababu ya lori.

Barua ya kuthibitisha ilikuja baada ya siku kumi, imeandikwa kwa Sitwayeni Onema, Dirikta wa Biashara. Patron aliizungusha mkononi muda mrefu. Mwishowe alisema kwamba si vizuri kampuni ionekane ilidanganya, na tangu siku hiyo Onema akawa Dirikta wa Biashara, na kiti kipya, na masini ileile.

Sitwayeni Lusangi naye alikuja, na karatasi zilizoandikwa kwa mkono, kurasa tatu. Ilikuwa ripoti kwa wakubwa: namna Chama kilivyoongoza kazi ya fishi ya sabuni tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliomba ipigwe kwa masini. Onema aliipiga yote bila kubadilisha neno. Alipofika chini ya ukurasa wa mwisho alisimamisha vidole, akauliza aweke jina la nani, kama wakubwa watakuwa na maswali.

Lusangi alifungua kifungo cha kooni.

“Hapana weka muntu,” alisema.