Stakabadhi za Ukumbi wa Kanisa

Tangu wito wa ofisi ya kodi ya Kitale umfikie, chakula kilikuwa hakimshuki Mwalimu Wekoye. Alikuwa amestaafu, naye sasa alifundisha watoto wa watu kwa malipo ya mkononi. Hakuwa ameficha kitu. Juni ile ya mwaka 2004 alitangaza kila shilingi ya mwaka uliotangulia, hata zile alizopewa na Mama Tabby, mzazi wa mmoja wao, akicheka, "Mwalimu, hizi ni zetu tu, nani atakuuliza?" Kisha akapunguza humo gharama zake: vitabu, chaki, na malipo ya ukumbi wa kanisa kule Bungoma, alikofundisha kila Jumamosi.

Ukumbi ndio uliomponza. Kanisa liliona haya kukodisha nyumba ya Mungu, hivyo kila alipolipa aliandikiwa stakabadhi ya sadaka. Sasa afisa alitaka kujua ni vipi mtu anapunguza kodi kwa sadaka zake.

Alifunga safari hadi Bungoma kwa Sifuna, mhazini wa kanisa.

"Hiyo ni kitu ndogo, Mwalimu," Sifuna alisema akivuta droo. "Naandika zingine hapa hapa. Kodi ya ukumbi, tarehe za mwaka juzi. Si wewe ndiye ulinifunza mwandiko mzuri?"

"Weka kalamu chini."

"Ai! Ati unataka wakufunge?"

 Wekoye akamwona akilini Joan, mjukuu wake, anayetamba shuleni kwamba babu yake hajawahi kusema uongo. 

"Andika barua, tarehe iwe ya leo. Eleza kwamba nililipia ukumbi, na kwa nini mliita malipo yale sadaka. Isipokuwa ya Novemba. Ile ilikuwa sadaka ya mavuno, nilimtolea Mungu kweli. Stakabadhi yake niliichanganya na nyingine kwa haraka."

"Lakini hiyo hawajaijua, bana!"

"Mimi naijua."

Siku ya wito, afisa Chelangat aliisoma barua bila kuinua uso. Kisha akapiga simu Bungoma. Wekoye akatega sikio. Itakuwaje Sifuna akiwaogopa wazee wa kanisa na kukana?

"Ndiyo... kila Jumamosi... kwa masomo tu?" Chelangat aliuliza, akaandika, akaweka simu chini.

"Malipo ya ukumbi nayakubali, Mzee, kwa kuwa yalikuwa ya kazi. Ya Novemba ni yako binafsi, naiondoa. Kodi itaongezeka kidogo, pamoja na riba ya kuchelewa."

"Nitalipa."

"Basi tia sahihi hapa."

Alitia. Mkono ulimcheza hata sahihi ikapinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Chelangat akailinganisha na ile ya Juni, akakunja uso.

"Hii ni yako kweli?"

"Ni yangu, binti yangu," alisema Wekoye, akijifuta jasho. "Ile nyingine niliiandika kabla hamjaniita."