Matone Ndani ya Chupa

Mimi subira sina, na Sindo nzima, hapa kando ya ziwa, inajua. Lakini wiki ile hata mtu mwenye subira angepiga kelele, maana mvua ilikataa kabisa kuondoka.

Mama mkwe wangu, Leonida, ametibu watu wa huku kwa majani tangu ujana wake. Sasa magoti yamemgomea, na alishatangaza kwamba kazi atamwachia mmoja wa wake wa wanawe: mimi, au Mokeira wa kule Kosele. Kwa Mokeira alishakwenda kukagua, akarudi anatabasamu, hasemi kitu. Kwangu angekuja Sabato, baada ya kanisa. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, na sioni haya kusema.

Basi nilianika mvumbasi na mchaichai ghalani, kivulini, juu ya wavu niliouning'iniza ili upepo upite juu na chini. Juani sianiki, jua hula rangi na harufu. Elijah, mume wangu, akaniletea wavu wake wa kuanikia omena, eti umekaa bure. "Yawa, Elijah! Mgonjwa anywe chai ya samaki?" Akaondoka nao akicheka.

Ijumaa jioni jua lilikuwa linashuka, Sabato inaingia, na Sabato hakuna kazi. Nikashika majani, yakavunjika mkononi vizuri. Nikashika vijiti. Vilijipinda badala ya kukatika. Nilijua maana yake, jamani, nilijua! Bado vilikuwa na maji ndani. Lakini nikiyaacha wazi, unyevu wa ziwa usiku utayarudisha nyuma, na kesho siruhusiwi kuyagusa. Nikajaza chupa za glasi, nikakaza vifuniko, nikabandika majina na tarehe. Tena badala ya kuzifungia kabatini gizani, nikazipanga dirishani wageni wazione. Majivuno tu.

Kesho yake jua likatoka, kali, na upepo mkavu ambao hatukuuona wiki nzima. Leonida akafika na mzee wa kanisa, Ratemo. Tukaketi, tukaomba, tukala. Mama mkwe alikuwa ameongeza samaki mara ya pili nilipotupa macho dirishani.

Chupa zilikuwa zinatoka jasho. Jua lilikuwa limezipasha moto, na matone madogo yameshika ndani ya glasi, chini ya vifuniko.

Nikingoja jua lizame, upepo utakuwa umekwisha, na usiku hakikauki kitu. Majani yatashinda na kulala yakichemka humo mpaka Jumapili, ukungu uanze, na yakishanuka uvundo ni ya kumwaga yote. Nikifungua sasa, mama mkwe ataona kwamba nilifunga majani mabichi, na mzee Ratemo ataona navunja Sabato mbele yake. Na pazia lilikuwa karibu. Ningelivuta tu, nikaendelea kuwakaribisha ugali.

Haki ya nani, mkono ulilifikia hilo pazia. Kisha nikawaza mtu anakunywa ukungu wangu huku akinishukuru.

"Samahanini," nikasema. "Haya majani niliyafunga kabla hayajakauka. Nayafungua sasa hivi."

"Dada Truphena," Ratemo akasema, kijiko hewani, "leo ni siku ya kupumzika."

"Ng'ombe akitumbukia shimoni Sabato, mzee, si anatolewa? Wangu wako kwenye chupa!"

Sikungoja jibu. Nikabeba chupa hadi ghalani, nikanusa moja moja. Harufu ilikuwa bado ya mvumbasi, safi, hakuna uvundo. Nikamwaga majani juu ya wavu, nikaanza kuyatandaza tabaka jembamba, machozi yananitoka kwa hasira. Kazi imekwenda Kosele, nikajua hivyo.

Nikasikia mtu anahema mlangoni. Leonida na magoti yake. Akaja akasimama kando yangu, akachagua kijiti kinene, akakipinda, akakitenga.

"Vinene kama hivi viondoe kwanza, nyar Karungu," akasema, akiniita binti wa kwetu Karungu. "Huanikwa peke yavyo. Na kabla ya kurudishia, chupa zipanguse mpaka zikauke kabisa."

"Mama, nilitaka uzione zimejaa."

"Niliziona nilipoingia. Nikayaona na matone."

Nikaacha kutandaza. "Uliyaona? Ukakaa ukala samaki?"

"Samaki alikuwa mtamu. Na kule Kosele pia niliona matone, tena makubwa kuliko haya. Mokeira akaniwekea kitambaa juu ya chupa, akaniambia ni pambo." Akaendelea kuchambua vijiti. "Na wewe ungevuta pazia, ningemaliza kula, nikashukuru, nikaenda kuzikwa na kazi yangu, nisimwachie yeyote."

Nilitaka kumgombeza, mwanamke mkubwa kunitesa hivyo. Nikamkumbatia badala yake, majani yametujaa nguoni, nikalia kwa sauti mpaka Elijah akaja mbio kuuliza nani amekufa.

"Hakuna," Leonida akamwambia. "Mlete mzee Ratemo. Mwambie kuna ng'ombe bado wako shimoni, na mikono haitoshi."