Kitabu Ndani ya Gunia la Maharage

Mume wangu Stanislaus aliuza kitabu changu cha akiba kwa bei ya maharage. Nilikuwa nimekificha ndani ya gunia, mahali ambapo mwizi asingefikiria, naye akamuuzia gunia mchuuzi wa Kibondo. Nilipogundua, lori lilikwisha kuondoka kijijini kwetu Kitanga.

Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Akiba ile ilikuwa shamba langu. Jirani yetu Reverien alikuwa amenipa mpaka Ijumaa saa sita mchana nimlipe milioni moja na laki mbili, la sivyo amuuzie mtu mwingine shamba nililolikodi miaka kumi.

Jumatatu nikapanda bodaboda hadi Kasulu, kwenye chama chetu cha akiba na mikopo.

"Mana yanje, Mungu wangu, yule mchuuzi atatoa hela zangu zote!" nikamwambia Claudine, karani wa dirishani.

"Mama Divine, kitabu peke yake hakitoi hela," akajibu. "Anayekuja nacho tunamlinganisha na picha, kitambulisho na kadi yako ya saini iliyopo hapa."

Akaizuia akaunti papo hapo. Nikaenda polisi kuchukua taarifa ya upotevu, nikarudi nikajaza fomu, nikalipa ada ya kitabu kipya. Nikaambiwa nije Ijumaa.

Ijumaa kitabu kilikuwa tayari, salio limehamishwa kutoka kwenye leja. Kile cha zamani kiliishia milioni moja laki moja na thelathini elfu, na nilishapanga kuuza mbuzi kufidia pengo. Kipya kilisema milioni moja laki mbili na arobaini elfu.

"Ni riba ya miaka miwili," Claudine akacheka. "Hukuwahi kuomba riba ijazwe kitabuni."

Mbuzi wangu alipona. Nikajaza fomu ya kutoa fedha, nikatia saini kwa mbwembwe: Esteri Nizigiyimana. Claudine akatazama kadi, akaacha kucheka.

"Saini hii siyo ya humu."

"Ni ya nani basi, ya mchuuzi?" Damu ilinichemka. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

Akanigeuzia kadi. Palikuwa na alama ya dole gumba tu. Nilipofungua akaunti sikujua kuandika; darasa la watu wazima kanisani lilikuja baadaye, na tangu hapo nilikuwa naweka tu, sikuwahi kutoa hata shilingi. Nilikuwa najikwamisha kwa majivuno yangu mwenyewe! Nikachovya dole gumba la kushoto kwenye wino, nikalikandamiza kwenye fomu. Meneja akalilinganisha, akaitazama picha, akanitazama mimi, akaidhinisha. Claudine akaandika kwenye kitabu kiasi nilichotoa na salio lililobaki, akagonga muhuri. Kabla sijaondoka nikajaza fomu ya kubadilisha saini.

Saa sita kasorobo nilikuwa Kitanga, mbele ya Reverien na mwenyekiti wa kijiji. Reverien akahesabu hela mara mbili. Mwenyekiti, anayenijua tangu zamani, akanisogezea hati ya mauziano na kidau cha wino bila kuuliza.

Nikakirudisha kwake. Nikaomba kalamu.