Tarehe ya Malipo

Serikali ina kumbukumbu ya ajabu. Mwalimu Nicodème alikuwa na miezi mitatu kaburini, na mishahara aliyokuwa akiidai hata robo haijalipwa, lakini Jumanne moja ya Aprili 1999 tarishi wa ofisi ya kodi alisimama mlangoni kwake, hapo Kamina, akimuulizia kwa jina lake kamili. Mjane wake, Élisa, akatia sahihi kwenye daftari la tarishi, akaifungua barua palepale uani, mikono yake ingali na unga wa muhogo.

Aliisoma mara mbili. Ofisi ilisema kwamba katika bahati nasibu ya tarehe 18 Julai 1998 Mwalimu Nicodème alishinda faranga elfu mbili, na kwamba fedha hizo hazikuonekana popote katika maelezo yake ya mapato. Ajibu katika siku thelathini tangu tarehe ya barua. Asipojibu, kodi itakadiriwa bila yeye, pamoja na faini, na mali ya nyumbani inaweza kukamatwa. Barua yenyewe ilikuwa imezunguka siku tisa kabla ya kumfikia.

Faini haikumshtua. Kilichomchoma ni ile tarehe. Tarehe 18 Julai! Mtoto wao Lise alishikwa na tumbo mwisho wa Julai hiyohiyo. Tarehe 2 Agosti vita vikaanza upande wa mashariki, treni zikaanza kubeba askari, na dawa zikapotea mjini, zikabaki kwa wachuuzi wawili watatu waliouza kwa bei ya kuua. Élisa aliuza vitenge, akauza redio, akauza mashine ya kushona. Havikutosha. Tarehe 14 Agosti Lise akafa, akiwa na miaka kumi na mmoja. Basi siku zote zile, mwanamume yule alikuwa na faranga elfu mbili?

Na hata hakuwepo. Tarehe 3 Agosti alimwambia mkewe kwamba ameitwa Lubumbashi kwenye mkutano wa walimu, akapanda treni ya mizigo, akaondoka. Mkutano gani huo, mtoto akiwa anaungua kwa homa? Alirudi tarehe 24, amekonda, miguu imevimba, akakuta kaburi lina siku kumi. Kila nyumba ya pale ina desturi yake ndogo: msafiri akirudi hupewa kikombe cha maji, kisha huulizwa, "Safari ilikuwa namna gani?" Élisa hakumpa maji. Hakumuuliza. Kuanzia siku hiyo alimpikia, akamfulia, na alipougua Januari alimkanda kwa maji ya moto mpaka pumzi ya mwisho, lakini neno hakumpa. Miezi mitano mizima. Wanawake wa kanisa walimsifu kwa uvumilivu wake. Watu nao husifu wasichokijua.

Asubuhi alikwenda ofisi ya kodi. Karani aliyeshika mafaili hayo aliitwa Kalonji, mtu mnene, mpole, aliyevaa tai bila kujali joto. Akamvutia kiti.

"Mama Lise, pole. Keti kwanza."

Mjini walimwita bado Mama Lise. Jina la mtoto hubaki na mama hata mtoto akiondoka.

"Ni kweli?" aliuliza Élisa. "Bwana yangu alicheza loteri? Sisi bantu ya Metodisti, kwetu loteri si zambi?"

"Loteri balitutumia liste ya bantu balishinda. Jina yake iko. Lakini sikiliya muzuri, mama. Hii liste inaonyesha tu franga yote alishinda. Haionyeshe kama kodi balishaikata. Na loteri njo inakataka kodi mbele ya kulipa muntu. Tafuta bordereau, ile karatasi ya malipo. Iko na mistari tatu: franga yote, kodi balikata, na ile balimupatia mu mukono. Kama mustari ya kati iko na hesabu, na muhuri iko chini, ile deni haiko yenu tena. Sisi tutauliza loteri kama balileta ile kodi ku serikali."

"Na kama siioni?"

"Utaandikia loteri kule Lubumbashi bakupe attestation, karatasi ya kushuhudia." Kalonji akatazama dirishani, kuelekea reli. "Lakini na hii vita, barua itafika lini? Tafuta kwanza mu nyumba. Na ukiiona, leta copie. Original usiachie muntu, hata minyi Kalonji."

Ushauri wa karani ulikuwa mzuri, na Élisa aliufuata kwa hasira. Ndiyo, kwa hasira. Hakuwa akitafuta karatasi ya kumwokoa Nicodème. Alikuwa akitafuta ushahidi. Alipekua mifuko ya makoti, madaftari ya shule, kitabu cha nyimbo, hata pamba ya mto. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi mumewe alivyokaa juu ya dawa ya mtoto kama kuku juu ya yai.

Siku ya tatu, ndani ya mkoba wa shule, katikati ya mitihani ambayo haikusahihishwa, aliona risiti ndogo ya kanisa, namba 114, ya tarehe 26 Agosti: "Zawadi kwa zahanati. Karatasi ya kuonyesha fedha zilikotoka imeambatanishwa." Hakukuwa na jina, ila herufi ya N na sahihi ya mtunza hazina, Mama Hulda.

Hapo inabidi nieleze. Baada ya maduka ya mji kuporwa mwaka 1991, watu wengine walianza kutubu kwa kuleta kanisani mali za wizi. Wazee wa kanisa wakapitisha sheria: zawadi kubwa haipokelewi bila karatasi inayoonyesha ilikotoka. Miji mingine ingecheka. Wametodisti wa Kamina ni watu wa shule na ofisi. Kwao hata toba huja na kiambatisho.

Mama Hulda alimpokea sebuleni. Alipoiona risiti, akaingia chumbani, akarudi na sanduku la bati.

"Nilikuwa najua siku moja utakuja," alisema. "Alinikataza kukuambia."

"Kuniambia nini, Mama Hulda?"

"Soma weye mwenyewe."

Ilikuwa bordereau. Mistari mitatu, kama Kalonji alivyosema. Jumla aliyoshinda: 2,000. Kodi iliyokatwa: 400. Alicholipwa mkononi: 1,600. Chini, muhuri wa loteri, Lubumbashi, sahihi ya Nicodème yenye mkia mrefu, na tarehe ya malipo.

Tarehe 17 Agosti 1998.

Élisa alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji kuhesabu. Lise alikufa tarehe 14.

"Zawadi kubwa ililipwa Lubumbashi tu," Mama Hulda alisema taratibu. "Alipoona mutoto anazidi, akaenda kuchukua. Treni ilisimamishwa Bukama, askari bakaikamata. Akatembea na miguu mpaka Luena. Siku kumi na ine njiani, mama. Walipomulipa akanunua dawa pale pale, carton moja ya sérum na ampoules ya sindano, akaibeba ku kichwa kurudi. Alinifikia hapa mbele ya kufika kwako, juu ya kuomba baiskeli ya mutoto wangu, afike mbio. Mimi njo nilimuambia kama mutoto alishazikwa."

"Siku mbili kisha, akaniletea carton na franga ilibakia. Akasema: peleka ku zahanati, mutoto ya mwingine apone. Sheria inaomba karatasi, akatoa hii. Wazee bangekataa franga ya loteri. Minyi nilipokea, nikaficha. Kama ni zambi, iko yangu."

"Kwa nini hakuniambia?" Élisa aliuliza. "Miezi tano alikuwa mbele yangu. Kwa nini?"

Mama Hulda alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa nzito kuliko lawama.

"Unakumbuka ile mahubiri yako mu mukutano ya bamama, mwaka ile? Ulisema nyumba ya mwenye kucheza loteri, Mungu anaingiamo kuchukua kitu ule muntu anapenda. Nicodème alikuwa nje, anakungojea. Alisikia. Akaniambia: 'Mama Hulda, kama Élisa anajua, atasema loteri yangu njo iliua mutoto. Na minyi mwenyewe sijui kama haiko vile. Acha anichukie juu ya safari.'"

Élisa alilikumbuka hubiri lile. Alilikumbuka neno kwa neno, na jinsi akina mama walivyoitikia amina. Alikuwa amejivunia siku ile. Sasa akafunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, bila aibu, kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyohiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini ni nani aliyemfanya Nicodème afiche? Swali hilo lilimkata kuliko kifo chenyewe.

Jibu kwa ofisi ya kodi aliliandika mwenyewe, kwa mwandiko mnyoofu wa shule ya misheni. Alitaja namba na tarehe ya barua waliyoleta. Alieleza kwamba Mwalimu Nicodème amefariki na kwamba anajibu kwa niaba yake kama mjane. Alisema kodi ya ushindi ule, faranga mia nne, ilikatwa na loteri yenyewe siku ya malipo, na kwamba waliobaki nyumbani hawadaiwi kodi hiyo tena. Akaambatanisha nakala ya bordereau aliyopewa na Mama Hulda, na nakala ya cheti cha kifo. Alipofika kwenye sentensi "Marehemu hakuificha serikali kitu," kalamu ilisimama muda mrefu. Kisha akaiacha sentensi ibaki, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kalonji alilinganisha nakala na karatasi ya asili, akamrudishia ya asili. Akagonga muhuri wa kupokea na tarehe kwenye barua zote mbili, moja ya faili na moja ya kwake.

"Vile njo inapaswa, mama. Nitaandika ku faili kama kodi ilishakatwa, chef wangu wa ofisi atatia sahihi. Kama kuko deni, tutaidai loteri. Pa nyumba yako hatutarudi."

"Aksanti, Baba Kalonji."

"Bwana yako alikuwa muntu wa karatasi muzuri. Bengi banatupaka zile karatasi mu takataka."

Élisa aliikunja barua yake, akapitia nyumbani, akachota maji kwenye mtungi, akatwaa kikombe cha bati alichokuwa akikitumia Nicodème. Makaburini palikuwa na majani marefu. Mvua za mwisho zilikuwa bado hazijakoma. Kaburi la mtoto lilikuwa limeshuka kidogo, la baba yake lilikuwa bado na tuta. Walilala pamoja, bega kwa bega.

Akapiga magoti kwenye udongo wenye maji, akakiweka kikombe upande wa kichwa cha mumewe.

"Karibu, Baba Lise," alisema. "Kunywa maji. Safari ilikuwa namna gani?"