Elektroni Isiyotoka

Swali la tisa la mtihani wa fizikia lilikuwa na vipande viwili. Kipande (a): nishati ya kung'oa elektroni kwenye zinki ni elektroni-volti 4.3, tafuta frikwensi ya kizingiti, yaani ile ya chini kabisa inayoweza kuing'oa. Kipande (b): zinki hiyo inamulikwa kwa mwanga wa frikwensi ya hezi 7.0 × 10¹⁴. Tafuta nishati mwendo kubwa kabisa ya elektroni zinazotoka.

Mpwa wangu alijibu (a) hezi 1.04 × 10¹⁵, akapewa alama zote tatu. Kwenye (b) aliandika mstari mmoja: hakuna elektroni inayotoka, mwanga uko chini ya kizingiti. Akapewa sifuri kati ya nne. Chuo cha uhandisi alikikosa kwa alama mbili.

Mimi ni fundi wa maabara ya shule. Fizikia niliiokota kwenye vitabu vilivyotupwa, kimoja hakikuwa na jalada. Yeye nimemfundisha mwenyewe, juu ya meza ileile ninayooshea chupa. Hilo lilininyima usingizi. Niliomba tuonyeshwe karatasi, tukaitwa ofisini.

Mkuu wa Mitihani namkumbuka alivyokuwa kidato cha tatu. Alivunja mizani yangu akamsingizia mwenzake. Sasa ana kiti kinachozunguka.

"Karibu, Fundi. Mwongozo wa kusahihishia unasema 1.4," alisema, akanisogezea.

Niliusoma. Mwanga ule una elektroni-volti 2.9. Ukitoa 4.3, unabaki na hasi 1.4. Mtu aliyetunga alibadili metali akasahau kubadili mwanga, na aliyeandika jibu akaigeuza hesabu ili hasi isimkere.

"Na huyu aliyempa alama tatu za (a) hakuona?"

"Huyo anasahihisha (a) tu. Karatasi inapita mezani, inakwenda kwa mwenzake. (b) ina mtu wake."

"Kwa hiyo mmoja amekubali kwamba mlango umefungwa, na wa pili anauliza mgeni ametoka kwa kasi gani."

Mpwa wangu akainama kuficha kicheko. Mkuu hakucheka.

Nilikuwa nimebeba sanduku. Nikatoa elektroskopu, kifaa cha kuonyesha chaji, nikaweka juu yake bamba la zinki nililolisugua msasa asubuhi ile, nikalichaji hasi. Vijani vyake viwili vya dhahabu vikaachana; elektroni zikitoka, vitaanguka. Nikawasha taa kubwa yenye kioo cha urujuani, rangi ya mwanga ule wa swali. Vijani vikabaki vilevile.

"Mwanga mdogo," alisema Mkuu.

"Sogeza mwenyewe."

Akaisogeza taa mpaka ikakaribia kugusa bamba. Hakuna kilichosogea. Ndipo nikaizima, nikawasha nyingine ndogo ya urujuanimno, yenye frikwensi ya juu zaidi, nikasimama kando. Vijani vikaanguka kabla hajakaa vizuri. Nikalichaji bamba upya, nikaweka kipande cha kioo cha dirisha katikati. Vijani vikabaki wazi. Kioo kilikuwa kimeuzuia mwanga wenyewe unaong'oa.

Mkuu aliinama kuvitazama vijani. Nilimwona akielewa, na hilo ndilo sitamsamehe.

"Uko sahihi," alisema taratibu. "Lakini Fundi, maelfu wameandika 1.4 na wameshapangiwa vyuo. Nikimpa huyu, niwanyang'anye wale?"

"Wape wote. Futa swali."

"Halafu niwaeleze wakubwa kwamba swali lilipita mikono sita na kosa lake?" Akamgeukia mpwa wangu. "Mwanangu, utarudia mwakani. Ukiona wameuliza namba, andika namba. Si wamekuomba?"

"Hata kama haipo, mzee?"

"Hata kama haipo."

 Njiani mpwa wangu alibeba elektroskopu kifuani kama mtoto mgonjwa.

Nikaandika barua za malalamiko, moja baada ya nyingine, nikabandika mojawapo kwenye ubao wa walimu ili wanaokubali watie sahihi. Wakanibatiza jina: Mzee Kizingiti. Mwalimu wa fizikia, mwenye shahada, aliisoma akasema, "Hesabu yako ni sawa, lakini unagombana na watu." Sahihi yake hakuiweka.

Mwaka uliofuata mpwa wangu akarudia mtihani, na swali likaja tena. Walibadili metali: alumini, 4.1, na mwanga wa 2.5. Kosa lilelile, limevaa shati jingine.

Mpwa wangu alipopata barua ya chuo alikuja nayo maabara. Aliiweka mezani, hakunitazama.

"Uliandika nini?"

"Moja nukta sita."

"Chanya?"

"Chanya, mjomba." Akachukua bamba la zinki, akalikwangua kwa kucha. "Nilianza ule mstari wetu. Nikaukata."

 Siku ileile simu ikaita. Alikuwa Mkuu, sauti imejaa asali.

"Nimeliona jina lake, Fundi. Hongera. Si nilikwambia ana akili?"