Kibatari cha Rosa

Rosa wa kijiji cha Titye alijikata kidole cha mguu kwa jembe, akisinzia shambani. Mwanawe Philemon, wa miezi sita, alimwamsha mara tano kila usiku. Kila akiguna tu, Rosa aliwasha kibatari na kumbeba mgongoni hadi alale.

"Mama Philemon, wewe ndiye unayemwamsha," Mwatumu, muuguzi wa kliniki, alimwambia. "Mnyonyeshe ashibe, umlaze chali akiwa bado macho. Akiguna, ngoja kidogo, gizani. Akilia njaa, mnyonyeshe."

Nyumbani, mama mkwe wa Rosa alicheka. "Eti alale bila mgongo! Kwani ni gunia la maharage?"

Usiku huo Rosa alishika kiberiti mara tatu, akakirudisha. Alimwekea mtoto mkono kifuani, akamnong'oneza. Mara mbili mtoto alinyamaza. Mara moja alinyonya gizani, akalazwa tena.

Usiku wa sita kimya kilizidi, Rosa akakosa usingizi kwa kusikiliza. Mara mwanga ukaingia: mama mkwe, kibatari mkononi.

"Mkazamwana, mbona halii? Mzima?"

"Zima, mama! Utamwamsha."

Mama mkwe akakipuliza, akaketi gizani kusikiliza mjukuu akipumua. Hapo ndipo Rosa alipolala.