Maoni Yaliyofichwa

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, mvua nyembamba ikisukumwa na upepo hata ikaingia dirishani kwa ubavu, mhariri wa redio ndogo ya mtaa alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, hana raha ya kukikalia. Wenzake walimwita Kiranja, kwa kuwa alikuwa kiranja mkuu wa shule ya bweni miaka thelathini iliyopita, na wadhifa huo hajaukabidhi mpaka leo.

Kwenye skrini, katika ukurasa wa redio mtandaoni, ilikuwapo picha ya mzee mwenye kofia ya sufu, fundi saa mstaafu anayesahau njia ya nyumbani. Alitoka alfajiri, hakurudi. Bintiye, nesi aliyekuja na sare ya zamu mwilini, aliketi pembeni akisokota mkanda wa mkoba.

Namba yake ya simu walikwisha kuiondoa kwenye tangazo, maana matapeli wawili walimpigia wakidai fedha ili "wamwachie" babake. Mwenye habari alitakiwa aandike papo hapo, chini ya picha. Na chini ya picha kulikuwa na gharika ya maoni: *Nilikuwa maskini, sasa nina gari. Nipigie.* Kisha tena, na tena, neno kwa neno, kutoka akaunti za majina tofauti, zote zimefunguliwa wiki hiyo, hazina rafiki hata mmoja.

"Wapuuze tu," alisema mtangazaji wa mchana, mwanamke asiyeogopa ukali wa mtu. "Watu wakianza kubishana nao, maoni yao yanazidi kupanda juu."

"Niwapuuze? Mwenye habari aonekane wapi kwenye jalala hili?"

"Basi waripoti."

"Nimeripoti akaunti kumi na mbili. Naambiwa wanapitia. Wakimaliza kupitia Ijumaa, mzee atakuwa wapi?"

"Basi ficha, moja moja, huku unasoma."

"Moja moja! Dada, maoni yapo mia tatu."

"Kwani ulikuwa na safari?"

Mhariri alifungua mipangilio ya ukurasa, akaorodhesha maneno ya kuzuiwa: *gari*, *maskini*, *nipigie*. Tangu hapo, kila oni jipya lenye neno mojawapo lingejificha lenyewe. Ya zamani aliyafuta kwa mafungu. Ukurasa ukanyooka kama bweni siku ya ukaguzi, naye akautazama kwa fahari, mikono nyuma.

Robo saa ikapita, kisha nusu. Nesi aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akaketi, akainuka.

"Kaka, mbona watu wamenyamaza?"

"Hiyo ndiyo nidhamu, dada."

"Hiyo mashine ya kuficha maoni inamjuaje tapeli?"

"Haimjui. Inajua neno tu."

Neno hilo lilipomtoka ndipo alipolisikia. Alikaa kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akafungua orodha ya yaliyofichwa, akaanza kusoma moja moja. Magari, magari, magari. Kisha:

*Saa 4:31. Mzee yupo kwangu, mimi kinyozi, mkabala na ghala la mbao. Nipigie.* Namba ilifuata.

*Saa 4:40. Anataka kuondoka. Nipigie tafadhali.*

*Saa 4:52. Jamani, mbona hamnijibu? Nipigie! Nimemfichia kofia asitoke.*

"Mungu wangu," alisema mtangazaji. "Kwenye simu yake yeye bado anayaona. Anadhani tunayasoma tukimdharau."

Nesi alikwisha kubonyeza namba. Simu iliita mara tano.

"Hatimaye!" sauti ilifoka. "Njooni upesi. Nimeshamnyoa nywele, nimeshamnyoa ndevu, zimebaki nyusi, nikizigusa atanishtaki!"

Mtangazaji alikalia kiti cha mhariri bila kuombwa. Aliliondoa *nipigie* kwenye kichujio, akaanza kusoma, kuficha na kuripoti, moja moja. Mhariri na nesi walikimbia kwenye mvua.

Walimkuta mzee chini ya shuka la kinyozi, kichwa kinang'aa, akilalamikia saa ya ukutani inayochelewa dakika sita. Nesi alimkumbatia pamoja na shuka na nywele zilizonyolewa. Alipopata pumzi, akatoa noti.

"Kaka, pokea ya kunyoa."

"Rudisha, dada. Sikumnyoa kwa biashara, nilimnyoa asiondoke." Kinyozi akageuka. "Ninayemdai ni huyu wa redio. Nimepiga kelele nusu saa kama mwehu."

Mhariri alivua miwani iliyolowa.

"Niwie radhi, ndugu yangu. Nilikuhesabu tapeli kabla ya kukusoma. Nitalisema hewani saa saba."

Saa saba kamili alilisema, kwa kinywa chake, wala hakuisingizia mashine.